Homa Ishukapo, Ateri za Mtoto Bado Zimo Hatarini

Katika nyumba zetu nyingi mtoto mdogo anapougua, jamaa wote huulizana neno moja: homa imeshuka? Jibu likiwa ndiyo, moyo hutulia, majirani hupewa habari njema, na safari ya kurudi hospitali huahirishwa. Mazoea haya hayakuzuka bure. Malaria ikitibiwa, homa hushuka. Nimonia ikipata dawa yake, homa hushuka. Hata surua, ambayo haina dawa ya kuiua, homa yake hushuka vipele vinapokwisha kuenea. Tumejifunza kuichukulia homa kuwa ndiyo ugonjwa wenyewe, na vitabu vyetu vya shule navyo vimetuzoesha hivyo. Katika makala haya ninakusudia kueleza ugonjwa mmoja wa watoto ambao mazoea hayo huweza kugharimu maisha, kwa sababu hatari yake kubwa huja baada ya homa kuondoka. Ugonjwa huo huitwa ugonjwa wa Kawasaki.

Jina hilo latokana na Daktari Tomisaku Kawasaki, mganga wa watoto katika hospitali ya Msalaba Mwekundu mjini Tokyo. Mnamo Januari 1961 alilazwa kwake mtoto wa kiume wa miaka minne mwenye homa isiyokoma, macho mekundu, midomo iliyopasuka, vipele mwilini na viganja vilivyovimba. Baadaye ngozi ya vidole vyake ilibambuka. Mtoto alipona akaenda zake, na daktari akabaki na faili lisilokuwa na jina la ugonjwa. Mwaka uliofuata akapata mtoto wa pili mwenye dalili zile zile, na hapo akatambua kwamba hakuwa amekutana na jambo la bahati nasibu. Aliendelea kuwaandika mmoja mmoja, na mwaka 1967 akatoa taarifa yake juu ya watoto 50.

Taarifa hiyo husifiwa sana, na kwa haki, maana maelezo yake ya dalili hayajahitaji kubadilishwa sana hadi leo. Lakini kuna upande mmoja ambao wanafunzi wa sayansi yafaa waujue. Katika taarifa ile Kawasaki aliandika kwamba watoto hupona bila kubakiwa na athari yoyote. Yeye mwenyewe alikuwa amewaona wakitoka hospitalini wakicheza. Homa ilikuwa imeshuka!

Wenzake wawili hawakuridhika. Noboru Tanaka, aliyekuwa mchunguzi wa maiti, alikuwa amekwisha kuona mwaka 1965 kuganda kwa damu ndani ya ateri za moyo wa mtoto aliyeugua hivyo kisha akafa ghafla. Takajiro Yamamoto naye, katika hospitali nyingine ya Tokyo, aliwapima watoto wake umeme wa moyo, na mwaka 1968 akaarifu kwamba karibu nusu yao walikuwa na kasoro. Ubishi ulikwisha baada ya uchunguzi wa nchi nzima ulioanza mwaka 1970: walipatikana watoto kumi waliokufa ghafla baada ya ugonjwa huu, na maiti zao zilipopasuliwa, chanzo kilionekana moyoni. Kawasaki hakung'ang'ania kauli yake ya kwanza, akaukubali ushahidi. Ninakitaja kisa hiki kwa sababu mtu aliyeujua ugonjwa huu kuliko wote duniani alidanganywa na kushuka kwa homa kama adanganywavyo mzazi yeyote.

Sasa tuutazame moyo wenyewe. Msuli wa moyo haujilishi kwa damu ipitayo katika vyumba vyake. Hulishwa na ateri zake mwenyewe, ziitwazo ateri za korona, ambazo huanza pale mshipa mkuu wa aota unapotoka moyoni. Kwa mtoto mdogo upana wa ndani wa ateri hizo ni kama milimita 2 tu. Katika ugonjwa wa Kawasaki chembe nyeupe za damu, ambazo kazi yake ni kuulinda mwili, huuvamia ukuta wa ateri na kuuharibu. Nyuzinyuzi zinazoupa ukuta unyumbufu hukatika. Mahali palipodhoofika hututumka kwa nguvu ya msukumo wa damu, kama mpira wa baiskeli unavyofura pale palipochakaa. Fundo hilo ndilo linaloitwa aneurizimu.

Mwalimu wa fizikia ataona hapa mfano mzuri wa darasani. Tuchukulie ateri yenye kipenyo cha milimita 2 imetanuka mahali fulani ikafikia milimita 8, kipimo ambacho waganga hukihesabu kuwa cha aneurizimu kubwa mno. Nusu kipenyo kimeongezeka mara 4. Mkazo katika ukuta wa bomba jembamba hulingana na shinikizo likizidishwa kwa nusu kipenyo; kwa hiyo ukuta huo, ambao tayari umedhoofika, sasa wabeba mkazo mara 4 ya ule wa mwanzo. Hata hivyo kupasuka si jambo la mara nyingi. Tazama mwendo wa damu. Eneo la tundu hulingana na mraba wa nusu kipenyo, nalo limeongezeka mara 16. Ikiwa kiasi cha damu ipitayo kwa dakika ni kile kile, basi kasi yake ndani ya fundo imeshuka hadi sehemu moja ya kumi na sita. Ni kama mto mwembamba uingiapo bwawani: maji hutulia, na kilichochukuliwa na mkondo hutua chini.

Damu iliyotulia huelekea kuganda. Zaidi ya hayo, utando laini wa ndani ya ateri umekwaruzika, na utando uliokwaruzika huita damu igande. Kisha laongezeka jambo la tatu, ambalo kwa maoni yangu ndilo la ajabu kuliko yote. Katika juma la pili na la tatu tangu homa ianze, chembe sahani, yaani zile chembe ndogo zinazosaidia damu kuganda, huongezeka kupita kiasi. Kwa kawaida hazizidi 450,000 hivi katika milimita moja ya ujazo ya damu; katika ugonjwa huu huweza kupita 1,000,000. Mambo haya matatu hukutana kwa wakati mmoja, na wakati huo ndio homa imekwisha, vipele vimefifia, na mtoto ameanza kuomba chakula. Vifo vingi vya ghafla vimetokea baina ya siku ya 15 na ya 45 tangu ugonjwa uanze. Donge la damu huziba ateri, msuli wa moyo hukosa hewa ya oksijeni, na mtoto wa miaka miwili asiyeweza kusema kwamba kifua chamuuma hulia bila kubembelezeka, hutapika, hugeuka rangi na kulegea.

Ili mwenendo huu ueleweke, tufuate siku za mtoto mmoja. Si mtoto fulani wa kweli; nimemtunga kutokana na jinsi ugonjwa unavyokwenda kwa kawaida. Ni msichana wa miaka miwili mwenye uzito wa kilo 12. Siku ya kwanza apata homa ya digrii 39.5. Siku ya pili apimwa malaria, haonekani nayo. Siku ya tatu macho yote mawili yamekuwa mekundu, lakini hayatoi tongotongo. Koo lake laonekana jekundu, naye apewa dawa ya kuua bakteria. Siku ya nne vipele vyatokea kifuani na mgongoni, na vimesongamana zaidi kinenani. Hapa familia yagawanyika: mmoja asema ni surua, mwingine asema dawa aliyopewa imemkataa. Siku ya tano midomo yakauka na kupasuka hata kutoa damu, na ulimi umekuwa mwekundu wenye vinundu vidogo vilivyosimama, ukifanana na tunda la forosadi. Homa haijasikia dawa. Siku ya sita mgongo wa mikono na nyayo vimevimba, mtoto hataki kukanyaga chini, na mama aamua kumrudisha hospitali. Lakini siku hiyo hiyo macho yake yamekuwa meupe tena, na vipele vimefifia.

Mganga atakayemwona siku ya sita bila kuuliza habari za nyuma ataona midomo na mikono tu. Hakuna kipimo cha damu kiwezacho kusema huu ni Kawasaki au siyo, wala hakuna kijidudu cha kutafuta kwa hadubini, kwa kuwa chanzo cha ugonjwa huu hakijajulikana mpaka leo. Hutambuliwa kwa kuhesabu: homa ya siku tano au zaidi, pamoja na dalili nne kati ya tano. Dalili hizo ni wekundu wa macho usio na usaha, mabadiliko ya midomo na ulimi, vipele, mabadiliko ya viganja na nyayo, na tezi la shingo lililovimba kufikia angalau sentimita 1.5. Mtoto wetu hana tezi, na wengi hawana. Lakini macho, midomo, vipele na mikono ni vinne. Dalili iliyokuja ikaondoka huhesabiwa sawa na iliyopo mbele ya macho, ila lazima awepo mtu wa kuikumbuka. Si surua, kwa sababu hakukohoa, hakutoka mafua, na vipele havikuanzia usoni na kushuka. Dawa ya bakteria nayo haikumbadilisha.

Basi tuseme siku ya saba amepata dawa inayostahili. Dawa hiyo ni immunoglobulini, yaani kingamwili zilizokusanywa kutoka katika damu ya maelfu ya watu waliojitolea, zikasafishwa na kuchanganywa. Hutiwa mshipani polepole kwa muda wa saa 10 hadi 12, kwa kipimo cha gramu 2 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 12 atahitaji gramu 24. Madaktari wa Japani waliarifu manufaa yake mwaka 1984, na majaribio makubwa ya Marekani yakayathibitisha mwaka 1986 na 1991. Pasipo dawa hii, watoto karibu 25 katika kila 100 hupata aneurizimu za ateri za moyo. Wakiipata ndani ya siku 10 za mwanzo, hupungua hadi wanne au watano. Ikiwa homa yaendelea au yarudi saa 36 baada ya dawa kwisha kuingia, mtoto huyo ni katika wachache ambao haikuwafaa, nao huhitaji kurudiwa au kuongezewa tiba nyingine.

Hupewa pia aspirini. Baada ya homa kwisha, kipimo chake huwa kidogo sana, miligramu 3 hadi 5 kwa kilo kwa siku, yaani miligramu 36 hadi 60 kwa mtoto wetu. Kiasi hicho hakitoshi kushusha homa. Kazi yake ni kuzizuia chembe sahani zisigandamane katika majuma sita hadi nane yenye hatari. Hapa yanipasa nitoe onyo. Mzazi asije akasoma maneno haya kisha akamnunulia aspirini mtoto mwenye homa. Aspirini kwa mtoto aliye na homa ya mafua makali au tetekuwanga huweza kuleta maradhi ya Reye, yanayodhuru ubongo na ini. Katika Kawasaki hutolewa kwa amri na usimamizi wa mganga, na si vinginevyo.

Tugeuze sasa kisa. Tuseme siku ya sita mtoto hakurudishwa. Homa yake yashuka yenyewe siku ya 12. Siku ya 15 ngozi yaanza kubambuka kuanzia chini ya kucha, na bibi yake asema ugonjwa unatoka. Hakika ni dalili nzuri ya kuutambua Kawasaki, lakini imechelewa: siku 10 zimepita. Hata hivyo hapo bado kuna la kufanya. Moyo wapaswa kupigwa picha kwa mawimbi ya sauti ili ateri zipimwe, na kupimwa tena baada ya majuma, kwa sababu fundo huendelea kutanuka mpaka karibu juma la sita. Aliyeonekana nalo huanza aspirini. Mwenye fundo kubwa mno huongezewa dawa kali zaidi ya kuzuia damu isigande. Kati ya mafundo hayo, zaidi ya nusu hurudia upana wa kawaida katika mwaka mmoja au miwili, ingawa ukuta wake haurudii ulaini wa awali. Yale makubwa mno kwa kawaida hayarudi.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba huu ni ugonjwa wa Wajapani, na sisi tunayo malaria na surua ya kutushughulisha. Ni kweli kwamba watoto wa Japani huupata kuliko wengine wote, na watoto wenye asili ya Kijapani waliozaliwa Hawaii nao huupata zaidi ya majirani zao, jambo linaloonyesha kwamba urithi una sehemu yake. Lakini umekwisha kuonekana katika watoto wa kila asili na katika kila bara lenye watu, Afrika ikiwemo. Tena hoja ya malaria na surua, kwa maoni yangu, yatupeleka upande wa pili. Pale ambapo magonjwa ya homa ni mengi, ndipo ilipo rahisi zaidi ugonjwa wa nadra kupewa jina la ugonjwa wa kila siku. Mtoto hupewa jina moja siku ya pili, jingine siku ya nne, la tatu siku ya saba, na kila jina lafuta kumbukumbu ya lile lililotangulia.

Liko pia jambo la rangi ya ngozi. Maelezo mengi ya vitabu husema vipele vyekundu, na picha zake ni za watoto weupe. Katika ngozi nyeusi wekundu huo huenda usionekane kabisa; ngozi huwa nyeusi zaidi au yenye mikwaruzo ukiipapasa. Anayetafuta wekundu na autafute pasipofichika: katika weupe wa jicho, midomoni, ulimini, viganjani na nyayoni. Na sisi tunayo alama moja ambayo watoto wa Marekani hawana. Watoto wetu huchanjwa dhidi ya kifua kikuu wanapozaliwa, kama wa Japani wanavyochanjwa wakiwa wachanga, na chanjo hiyo huacha kovu mkononi. Katika ugonjwa wa Kawasaki kovu hilo lililokwisha kupona huweza kuvimba, kuwa gumu na kuwaka upya. Si kila mgonjwa hulionyesha, na haimo katika zile dalili tano; lakini kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja yaweza kuwa ishara yenye thamani kubwa. Watoto wachanga wa chini ya miezi sita ndio ambao dalili zao hazikamiliki, nao ndio ambao ateri zao huharibika zaidi. Kwao pengine huonekana homa tu, siku baada ya siku.

Mwaka 2020 ulimwengu ulikumbushwa mambo haya kwa ghafla. Katika miji ya London na Bergamo madaktari waliona watoto wenye homa ndefu, vipele, macho mekundu na mioyo iliyodhoofika, majuma kadhaa baada ya wimbi la Korona kupita. Mwanzoni walidhani ni Kawasaki. Baadaye ilidhihirika kuwa ni ugonjwa wa jamaa yake tu: watoto hao walikuwa wakubwa zaidi, wengi waliumwa tumbo, na wengi zaidi walipatwa na mshtuko wa damu kukosa msukumo. Kawasaki mwenyewe aliaga dunia Juni mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 95, bila chanzo cha ugonjwa aliouvumbua kupatikana.

Sidai kwamba kila zahanati iwe na mashine ya kuupiga moyo picha, wala immunoglobulini, ambayo ni ghali na hupatikana kwa shida. Ninalodai ni dogo, nalo laweza kufundishwa katika kidato chochote. Homa ihesabiwe siku zake, na hesabu iandikwe. Kila mtoto anayo kadi ya kliniki. Tarehe ya homa ya kwanza iandikwe hapo, na chini yake kila kinachotokea kwa siku yake: macho leo, vipele kesho, mikono keshokutwa, hata kama vitatoweka kabla ya kufika hospitali. Kaka au dada aliye shuleni aweza kuifanya kazi hiyo vizuri kuliko mzazi aliyekesha siku tano. Mganga akikabidhiwa kadi ya namna hiyo siku ya sita, hatahitaji kuzikisia dalili zilizopita, na siku nne za kumwahi mtoto zitakuwa bado zipo.

Kadi hiyo hiyo itahitajika tena mtoto akiponywa. Immunoglobulini aliyotiwa ina kingamwili za surua za maelfu ya wachangiaji, nazo zitaiua chanjo ya surua kabla haijamfundisha mwili wake kujilinda. Kwa hiyo chanjo hiyo hucheleweshwa kwa miezi 11. Ikizuka surua mtaani kabla ya hapo, hupewa mapema, kisha hurudiwa miezi hiyo itimiapo. Muuguzi wa kliniki hawezi kuyajua haya kwa kumtazama mtoto aliyenona na mchangamfu. Lazima aikute tarehe ya dawa imeandikwa.